Koili ya Rogowski inanisomea 4 A kwenye fida iliyozimwa, nilikosea kuzitoa CT?

#1 Paneli_ya_Tatu

Wakuu habari. Nina fida moja ya mota kubwa, 400 V, ilikuwa na CT za kiini cha chuma 1000/5 klasi 0.5. Mota ikiwaka inavuta mpaka 900 A kwa sekunde kama sita hivi, ikitulia inakaa 380 A, na usiku ikizimwa inabaki kama 6 A tu ya transfoma mbili za kontroo ambazo karibu hazina mzigo. Sasa nilitaka kifaa kimoja kinachoona vyote, ile 6 na ile 900, nikaweka koili za Rogowski zile za kamba zinazofungwa kuzunguka kebo, na mita yake mpya.

Mchana kila kitu safi kabisa. Tatizo jana nimefungua breka ya fida yote, hakuna kitu kinachopita, L1 inasoma 1.0 A, L2 inasoma 1.1 A, halafu L3 inasoma 4.1 A. Kama mzigo wangu wa usiku ni 6 A na mita inaota 4 A nitaamini nini? Nirudishe CT?

#2 Kijana_Solenoidi

Mkuu usirudishe chochote, Rogowski haina kiini kwa hiyo haishibi, iko mstari mnyoofu kuanzia ampea 1 mpaka kiloampea 100. Kama inasema 4 A basi kuna 4 A. Kebo ndefu ina kapasitansi, hata ukifungua upande wa mzigo inavuta mkondo wa kujichaji. Angalia huko.

#3 Bi_Skopu

@Kijana_Solenoidi pole pole kaka. Mkondo wa kujichaji upo kweli, ila piga hesabu kwanza. Kebo ya namna hiyo chukulia 0.3 µF kwa kilomita, kwa 230 V na 50 Hz unapata

```
I = 2*pi*50 * 0.3e-6 * 230 = 0.022 A
```

yaani milampea 22 kwa kilomita nzima. Ili ufike 4 A unahitaji kebo ya kilomita karibu 190. Halafu jamaa kasema kafungua breka ya fida yote, sasa voltiji ya kuichaji hiyo kebo inatoka wapi?

Na hili la mstari mnyoofu ndilo linalowapoteza wengi. Koili kutoshiba ni habari ya juu, huko kwenye maelfu ya ampea. Swali la Paneli ni la chini. Huku chini kinachoamua ni koili inatoa nini na kuna uchafu kiasi gani unaoingia pamoja nacho. Koili nyingi za kamba zinatoa kama 100 mV kwa kila 1000 A kwenye 50 Hz, kwa hiyo ampea moja ni 0.1 mV. Mzigo wako wa usiku wa 6 A ni 0.6 mV. CT yako ya zamani kwa 6 A hiyo hiyo ilikuwa inasukuma 30 mA kwenye sekondari, hiyo ni ishara nene, haiogopi kitu.

@Paneli_ya_Tatu tuambie vitu vitatu: koili yako ni mV ngapi kwa kA, mita inaonyesha kW ngapi kwenye L3 ukiwa umezima, na kiungio cha koili (pale inapofungika) kimeelekea wapi, kuna basiba au kebo nyingine karibu?

#4 Nusu_Ohm

Mimi nilishaacha kuamini hizi kamba. Niliizungusha kwenye waya wa betri, mkondo unapita kabisa wa zaidi ya 60 A, yenyewe imeganda kwenye sifuri. Kama haioni 60 itaonaje 6?

#5 Bi_Skopu

@Nusu_Ohm betri ni mkondo usiobadilika. Koili inatoa voltiji pale tu mkondo unapobadilika, M kuzidisha di/dt, usipobadilika di/dt ni sifuri na koili iko sahihi kabisa kukaa kimya. Hata CT ya chuma ingekaa kimya hapo. Huko unahitaji shanti au kihisi cha Holi, huo ni uzi mwingine.

#6 Mzee_Kiini

Nimefanya kazi na CT miaka mingi na nitasema wazi, kwa mzigo wa usiku hakuna kitu kinachoishinda CT. Haina umeme wake, haina integreta, haina betri, unafunga waya mbili inafanya kazi miaka 30. Klasi 0.5 maana yake kosa ni nusu asilimia, sasa 6 A nusu asilimia ni 0.03 A. Koili inaota 4 A. Mjadala umeisha hapo.

#7 Waya_Mbili

Mzee heshima yako, ila klasi 0.5 haiahidi nusu asilimia kila mahali. Nusu asilimia ni kwenye mkondo uliokadiriwa, ukishuka kwenye 20% inaruhusiwa 0.75, ukishuka kwenye 5% inaruhusiwa 1.5, na chini ya hapo klasi haisemi kitu. 5% ya 1000 ni 50 A. Hii 6 A ni 0.6% tu. Hata angenunua 0.5S ahadi inaanzia 1%, yaani 10 A. Kwa hiyo kwa 6 A yeye alikuwa nje ya karatasi siku zote, hakujua tu.

#8 Mzee_Kiini

@Waya_Mbili sawa, nakubali, nimeandika kwa haraka. Lakini nje ya karatasi si sawa na kuota. CT ikiwa nje ya klasi inakosea upande ule ule kila siku, kwa sababu sehemu ya mkondo inaliwa na kuusumakisha kiini. Inasoma chini kidogo, inasoma chini vile vile kesho. Na fida ikizimwa inasoma sifuri. Sifuri kabisa.

#9 Bi_Skopu

Hapo Mzee namuunga mkono kuhusu sifuri. Naongeza moja tu, kosa la CT huku chini linauma zaidi kwenye pembe kuliko kwenye ampea. Klasi 0.5 kwenye 5% inaruhusiwa kupindisha pembe dakika 90, yaani digrii 1.5, na ukishuka zaidi mara nyingi inapinda zaidi. Sasa mzigo wa Paneli ni transfoma zisizo na mzigo, pawafakta yake iko chini sana, tuseme 0.35. Kwa pawafakta hiyo digrii 1.5 zinaharibu kW kwa 7% hivi hata kama ampea imesomwa sawasawa. Kwa mzigo wa hita digrii hizo hizo usingeziona kabisa. Kwa hiyo anayetafuta nishati ya usiku asiangalie ampea peke yake.

#10 Paneli_ya_Tatu

Asanteni. Majibu kwa dada Bi_Skopu: koili imeandikwa 100 mV/kA 50 Hz, fulu skeli ya mita nimeweka 3000 A. kW kwenye L3 fida ikiwa imezimwa inaonyesha -0.7, yaani hasi. L1 na L2 zinachezacheza kwenye 0.0. Na ndiyo, nyuma ya kebo ya L3 kuna basiba ya fida ya jirani, L3 pia, kama sentimita 5 hivi, yenyewe haizimwi inabeba 700 A usiku na mchana. Kiungio cha koili... kimeelekea huko huko nyuma, kwa sababu mbele kilikuwa kinagusa mlango.

#11 Waya_Mbili

Umejijibu mkuu 😀 kiungio kimelala kwenye basiba ya 700 A.

#12 Kijana_Solenoidi

Mimi bado. Fulu skeli 3000 A hapo ndipo tatizo lilipo, mita nyingi kosa lake linahesabiwa kwa asilimia ya fulu skeli si ya usomaji. 0.1% tu ya 3000 ni 3 A. Ni noizi ya mita, shusha renji iwe 300 kama inaruhusu.

#13 Bi_Skopu

@Kijana_Solenoidi hapa una hoja, nusu yake. Noizi ipo, ndiyo hizo 1.0 na 1.1 kwenye L1 na L2, hazina jirani na bado zinasoma kitu. RMS haijawahi kuwa sifuri kwa sababu inaweka mraba kila kitu, uchafu chanya na uchafu hasi vyote vinajumlishwa. Lakini tazama kW. Noizi ya kubahatisha ukiizidisha na voltiji na kuchukua wastani inajifuta, ndiyo maana L1 na L2 ziko 0.0 kW ingawa zinasoma ampea moja. L3 ina -0.7 kW inayokaa hapo hapo. Kitu kinachotoa kW isiyotikisika kina 50 Hz ile ile ya voltiji na pembe yake haihami. Hiyo si noizi ya elektroniki, ni mkondo wa mtu mwingine unaoingia kwenye koili yako. Na kuwa hasi kunaonyesha unaingia kwa upande wa kinyume.

Fanya majaribio matatu fida ikiwa bado imezimwa, mita isiguswe mpangilio:

kwanza vua koili ya L3, ifunge, iweke mbali na kila kitu, soma. Hiyo ndiyo sakafu ya noizi.

Pili irudishe ilivyokuwa, soma.

Tatu izungushe mpaka kiungio kiwe upande wa mbali kabisa na basiba, soma. Usomaji ukibadilika kwa kuzungusha tu, hakuna mzozo tena, ni jirani.

#14 Rilei_Kimya

Wakati tunasubiri majibu niseme yangu. Niliwahi kutoa koili moja kwa moja kwenye osiloskopu bila integreta nikaandika ripoti kwamba mzigo una harmoniki za kutisha, harmoniki ya 5 karibu sawa na ya kwanza. Bosi akashtuka, tukaanza kutafuta filta. Kumbe koili yenyewe inazidisha, ya 5 inatoka mara 5 na ya 7 mara 7 kwa sababu inabadilika haraka zaidi. Harmoniki ya kweli ilikuwa 20%. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni integreta iko wapi.

#15 Kijana_Solenoidi

@Rilei_Kimya ndiyo maana huyu mzee Rogowski aliivumbua 1912 pamoja na integreta yake

#16 Waya_Mbili

Rogowski na Steinhaus waliandika 1912 kweli, ila Chattock alishatengeneza koili ya namna hiyo 1887 ya kupima nguvu ya sumaku. Na integreta ya elektroniki 1912 ingetoka wapi. Turudi kwenye mada.

#17 Mzee_Kiini

Wakati tunasubiri na mimi nitoe la upande wa juu, kwa haki, maana nimeisema sana CT. Nimeshawahi kuona rekodi ya rilei baada ya shoti, mawimbi ya fezi mbili yako kamili na ya tatu yamekatwa kama yamenyolewa. Ilikuwa CT ya 5P20 na mkondo haukufika hata mara 12 ya uliokadiriwa. Watu wakabisha kwamba 5P20 inavumilia mara 20 kwa nini ikate kwenye 12. Jibu ni kwamba shoti ilianza na mkondo uliopinda upande mmoja, sehemu ya DC inayokufa polepole, hiyo inajaza kiini kwa mizunguko kadhaa. Na kiini hicho kilikuwa kimebaki na usumaku wa shoti ya wiki iliyotangulia, hakikuanza kwenye sifuri. Tulikisafisha kwa kupandisha voltiji ya sekondari taratibu na kuishusha taratibu, jaribio la goti likarudi kawaida.

Koili haina hadithi hiyo. Haina kiini, haina kumbukumbu.

#18 Nusu_Ohm

5P20 si maana yake 5% na 20 VA?

#19 Mzee_Kiini

Hapana kijana. VA inaandikwa mbele peke yake, mfano 15 VA 5P20. Hiyo 5 ni kosa la jumla asilimia 5, P ni ya ulinzi, 20 ni mara ngapi ya mkondo uliokadiriwa kabla kosa halijapita hiyo 5. Na hiyo 20 inashikilia ukiwa na mzigo kamili wa sekondari, ukifunga mzigo mdogo inavumilia zaidi.

#20 Feni_Kubwa

Mzee umesema koili haina kumbukumbu, nikuongezee na ubaya wake. Koili haishibi ila kilicho nyuma yake kinashiba. Mimi niliweka kwenye pembejeo ya draivu ya mota yenye thairista, mkondo wake unaruka ghafla, RMS ni 200 A tu. Usomaji ulikuwa chini kwa 12% ukilinganisha na klampu nzuri. Nikalaumu koili wiki nzima. Mwishoni nikaweka osiloskopu kabla ya integreta, nikakuta ile michomo ya di/dt inagonga dari ya amplifaya na kukatwa. Integreta inajumlisha kilichobaki, inatoa wimbi zuri laini lisilo na kovu, huwezi kujua kama limeibiwa. Ukiangalia baada ya integreta tu hutaona kitu. Kwa hiyo fulu skeli ya koili si ampea peke yake, ni ampea na kasi ya kubadilika.

#21 Bi_Skopu

@Feni_Kubwa asante kwa hili, wengi hawalijui. Na shoti ya Mzee yenye DC nayo integreta ya kawaida haiifuati mpaka mwisho, kwa makusudi imefanywa isahau vitu vya polepole ili isielee, kwa hiyo mkia wa DC unashuka haraka kuliko ukweli na unaweza kupita sifuri upande wa pili. Si kovu baya kama la CT iliyoshiba lakini lipo.

#22 Paneli_ya_Tatu

Nimerudi na majibu. Koili mbali na kila kitu: 0.9 A. Koili ilivyokuwa, kiungio nyuma: 4.1 A na -0.7 kW kama jana. Nimeizungusha kiungio kiko mbele, kona ya mbali na basiba: 1.6 A na -0.2 kW. Imeshuka sana lakini haijafika 0.9. Hizo 1.6 zinatoka wapi?

#23 Bi_Skopu

Safi sana, sasa tunaweza kuhesabu. Noizi haijumlishwi kwa kawaida na mkondo wa jirani, inajumlishwa kwa mraba:

```
sqrt(4.1^2 - 0.9^2) = 4.0 A
sqrt(1.6^2 - 0.9^2) = 1.3 A
```

Kwa hiyo jirani alikuwa anakuingizia 4.0 A na sasa anaingiza 1.3 A. Jirani ana 700 A, yaani ulikuwa unameza 0.57% yake na sasa unameza 0.19%. Koili kamilifu ingemeza sifuri kwa sababu mkondo ulio nje ya kitanzi unajifuta wenyewe ukizunguka duara zima, lakini inadai nyuzi zilale sawasawa kote, na kwenye kiungio daima kuna pengo dogo ambalo halina nyuzi. Ukiliweka pengo karibu na basiba unaliweka mahali uga ulipo mkali kuliko kote.

Uone na maana yake kwa mzigo wa 6 A. Ile noizi ya 0.9 haikusumbui hata kidogo, mzizi wa 6 mraba na 0.9 mraba ni 6.07. Lakini 1.3 ya jirani inajumlishwa kwa pembe, kulingana na pembe zao 6 yako inaweza kusomeka popote kati ya 4.7 na 7.3. Kwa hiyo watu wanahangaika na noizi wakati anayewaibia ni jirani.

#24 Kijana_Solenoidi

Nakubali yaishe kwenye hilo. Ila 1.3 iliyobaki mimi nasema si uga wa sumaku tena, ni voltiji. Basiba iko 230 V sentimita 5 kutoka kwenye koili isiyo na shildi, kuna kapasitansi ndogo kati yao, inadunga mkondo kwenye nyuzi. Nayo ni 50 Hz ile ile kwa hiyo itatoa kW isiyotikisika vile vile.

#25 Waya_Mbili

Inawezekana ila sidhani. Koili ina ohmu chache tu mia moja au mbili, ili upate 0.13 mV ambayo ndiyo 1.3 A unahitaji karibu mikroampea 1 ipite kwenye nyuzi zake. Kwa 230 V hiyo ni kapasitansi ya kama pikofaradi 14. Hmm. Nikiandika hivi naona si kubwa kihivyo, kamba nzima ikiwa karibu na basiba inaweza kufika. Ila nyingi ya mikondo hiyo inaenda ardhini kupitia ncha zote mbili na kujifuta nusu. Mimi bado naweka kura kwenye nyuzi zisizolala sawa, kamba ikikunjwa kwa nguvu pembeni nyuzi zinafunguka upande wa nje.

#26 Bi_Skopu

Mna haki wote kushuku. Namna ya kutenganisha ni moja: jirani aendelee kuwa na voltiji lakini asiwe na mkondo. Ikishuka mpaka 0.9 ni sumaku, ikibaki 1.6 ni voltiji. @Paneli_ya_Tatu unaweza kupata dakika kumi jirani akizimiwa mzigo tu?

#27 Paneli_ya_Tatu

Siwezi sasa hivi, jirani anazimwa kwa ratiba na bado wiki tatu. Nitaandika hapa siku hiyo.

Kwa sasa nifanyeje na mzigo wa usiku? Nimefikiria kurudisha CT lakini ndogo, 200/5, ili 6 A iwe 3% badala ya 0.6%.

#28 Mzee_Kiini

Wazo la 200/5 ni zuri, tena tafuta 0.5S, hapo 6 A iko ndani ya karatasi. Ila mota ikivuta 380 A ni karibu mara mbili ya CT, na si kwa sekunde sita, ni mchana kutwa. CT ya kawaida inavumilia 120% kwa kuendelea, itachemka. Kwa kuanza tu 900 A isingenitisha, mara 4.5 kwa sekunde sita CT inavumilia, na kama ni FS5 mita yako inalindwa kwa sababu kiini kinashiba karibu na mara 5. Angalia tu mzigo wa sekondari usiwe mdogo sana, ukiwa mdogo ile 5 inakuwa 10 au zaidi na ulinzi unapungua. Tatizo ni hiyo 380.

Kama zile transfoma za kontroo zinachukua kebo yao kabla ya kontakta ya mota, weka CT ndogo kwenye kebo hiyo tu, acha koili kwenye kebo kuu. Kila mmoja apime anachokiweza.

#29 Rilei_Kimya

Naunga mkono. Na kama haiwezekani kuna njia ya bure: kamba yako ina urefu gani? Kama inatosha izungushe mara mbili au mara tatu kwenye kebo ile ile ya L3 halafu funga. Mizunguko mitatu inatoa mara tatu, 6 A inakuwa 18 A kwa mita, unagawa kwa tatu kwenye mipangilio. Noizi ya mita inabaki 0.9 lakini ukigawa inakuwa 0.3.

#30 Bi_Skopu

@Rilei_Kimya hiyo ni nzuri kwa noizi, ila kwa jirani usiahidi mara tatu. Mizunguko ya ziada haiongezi viungio, kiungio kinabaki kimoja, kwa hiyo sehemu ya pengo itagawanyika. Lakini kama tatizo ni nyuzi zisizolala sawa au voltiji ya Kijana, kamba ndefu zaidi inakuwa karibu na basiba na inaweza kuchota zaidi. Ajaribu fida ikiwa imezimwa kwanza, asiamini mpaka aone. Na asikunje kamba chini ya kipenyo kinachoruhusiwa, hapo ndipo nyuzi zinafunguka.

#31 Feni_Kubwa

Na asisahau kubadili kigawanyo, mimi niliwahi kukuta mtu anatozwa mara mbili ya nishati kwa miezi kwa sababu fundi alizungusha mara mbili hakumwambia mtu.

#32 Paneli_ya_Tatu

Kamba ni sentimita 90, kebo ni nyembamba, imezunguka mara mbili vizuri, ya tatu ilikuwa inabana nikaiacha. Kiungio kiko mbele. Kigawanyo nimeweka 2 na nimeandika kwa kalamu kwenye mlango wa paneli.

Fida imezimwa: 1.0 A, kW -0.1.

Nimewasha transfoma za kontroo tu: 5.8 A. Klampu ya kiini cha chuma niliyoazima, renji ya 20 A, inasema 6.2 A.

#33 Kijana_Solenoidi

1.0! Toa noizi, sasa ni 0.45 baada ya kugawa, inabaki 0.9 ya jirani. Kutoka 1.3 imeshuka lakini haijafika nusu. Kama ni kiungio tu ingekuwa 0.65. Voltiji wakuu, voltiji.

#34 Waya_Mbili

Au umekiweka kiungio milimita mbili karibu zaidi na basiba kuliko mara ya kwanza. Na hiyo 5.8 dhidi ya 6.2 iko ndani ya kile 0.9 inaweza kufanya, haithibitishi upande wowote. Wiki tatu si nyingi.

#35 Mzee_Kiini

Paneli, ukienda kuweka ile CT ndogo kwenye kebo ya kontroo, sekondari ifungwe shoti kabla hujagusa waya wa mita, uifungue ukimaliza tu. CT iliyoachwa wazi na mkondo unapita inapandisha voltiji ya kuua. Koili ikiachwa wazi haifanyi hivyo, na wewe umeshazoea koili.

#36 Paneli_ya_Tatu

Nimekupata mzee. Nimefuatilia kebo, kontroo inachukuliwa kabla ya kontakta, nafasi ya CT ipo. Nitaifunga siku ile ile ya jirani kuzimwa, nitaleta namba zote mbili.